Sarafu Ikirushwa Mara 200, Mfululizo Hauepukiki

Tamás Varga, mwalimu wa hisabati wa Hungaria aliyejulikana kwa kubadili namna somo hilo linavyofundishwa watoto, alikuwa na zoezi moja la darasani ambalo wanahisabati wanaendelea kulisimulia. Aliwagawa wanafunzi makundi mawili. Kila mwanafunzi wa kundi la kwanza alipewa sarafu, akaambiwa airushe mara 200 na kuandika matokeo yote kwa mpangilio wake. Wa kundi la pili hawakupewa sarafu. Wao walitakiwa kukaa na kubuni matokeo 200, wakijitahidi yafanane na ya sarafu ya kweli. Kisha karatasi zote zilichanganywa na kukabidhiwa kwa mwalimu. Akazipitia moja moja kwa haraka, akitenga za kweli upande huu na za kubuni upande ule, na karibu zote akazipatia.

Hakuwa akisoma nyuso za watoto. Alitafuta kitu kimoja tu kwenye karatasi: mahali ambapo upande uleule wa sarafu umejirudia mara nyingi bila kukatizwa. Anayebuni akishaandika kichwa mara nne mfululizo mkono wake husita, kwa kuwa anahisi cha tano kitaonekana si cha kweli, na anahama upande. Sarafu haina hisia hiyo. Haikumbuki ilikoangukia mara iliyopita, na ndani ya mirusho 200 itajirudia mara sita, saba, pengine hata tisa, bila kumtahadharisha mtu.

Lakini Varga angewezaje kuwa na hakika? Kusema tu kwamba mfululizo wa sita hutokea mara nyingi hakutoshi kumwambia mtoto kwamba hakurusha sarafu. Inabidi tujue ni mara nyingi kiasi gani, yaani kati ya karatasi 100 za kweli ni ngapi zitakuwa na mfululizo wa namna hiyo. Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana, na njia inayolitatua ni nzuri kiasi kwamba inastahili kufuatwa hatua kwa hatua.

Tuzipe pande za sarafu majina. Shilingi ya zamani ya Tanzania ilikuwa na kichwa cha Rais upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili, kwa hiyo tutaandika K kwa kichwa na M kwa mwenge. Tuanze na swali jepesi kidogo kuliko la Varga: ukirusha sarafu mara 100, kuna uwezekano gani kwamba mahali fulani vitatokea vichwa vitano mfululizo, au zaidi?

Wengi huanza hivi. Vichwa vitano mfululizo vina uwezekano wa nusu mara nusu mara nusu mara nusu mara nusu, yaani 1/32. Hadi hapo hakuna kosa. Kisha mirusho 100 inagawanywa katika mafungu 20 ya mirusho mitano, na inahesabiwa nafasi ya angalau fungu moja kuwa la vichwa vitupu. Jibu linakuwa kama asilimia 47. Tatizo ni kwamba mfululizo hauheshimu mipaka ya mafungu. Unaweza kuanza kwenye mrusho wa nne na kuishia kwenye wa nane, ukapita katikati ya mafungu mawili bila kuhesabiwa. Kwa hiyo jibu hilo ni dogo mno.

Anayeliona kosa hilo husema basi tuhesabu kila mahali ambapo mfululizo unaweza kuanzia. Ziko sehemu 96, kuanzia mrusho wa kwanza hadi wa 96. Kila moja ina nafasi ya 1/32, na tukizichukulia kana kwamba hazihusiani tunapata asilimia 95. Hapa tumezidisha, na sababu yake ni ya kuvutia zaidi. Sehemu hizo zinahusiana sana. Ukishapata vichwa vitano kuanzia mrusho wa 30, unahitaji kichwa kimoja tu ili upate vingine vitano kuanzia mrusho wa 31. Mifululizo huja kwa makundi: penye mmoja huwa pana mwingine ulioegemea juu yake. Wastani wa hesabu unakuwa mkubwa kwa sababu baadhi ya karatasi zina mifululizo mingi iliyobebana, huku karatasi nyingine hazina hata mmoja.

Ukweli uko mahali fulani kati ya 47 na 95. Pengo hilo ni pana mno kwa mwalimu anayetaka kumnyooshea mtoto kidole.

Aliyelishika tatizo hili mapema ni Abraham de Moivre, Mfaransa wa Kiprotestanti aliyezaliwa mwaka 1667, akaikimbia nchi yake kwa sababu ya mateso ya kidini na kuishi London kwa kufundisha hisabati na kuwashauri wacheza kamari katika mikahawa ya kahawa. Kitabu chake juu ya kanuni za bahati kilitoka mwaka 1718 na kupanuliwa mwaka 1738, na swali la mfululizo ni mojawapo ya yale aliyoyashughulikia. Hesabu nitakayoieleza hapa ni ya maumbo mepesi ya kisasa, lakini mzizi wake ni uleule: usijaribu kuuona mfuatano wote kwa mpigo, bali jiulize umeishaje.

Tuchukue mfano mdogo kabisa ili tuone. Badala ya kutafuta mifuatano yenye vichwa viwili pamoja, tuhesabu ile isiyo navyo, kwa kuwa hiyo ina nidhamu zaidi. Tuiite mifuatano safi. Mfuatano safi wowote unaishia kwa M au kwa K. Ukiishia kwa M, kilichotangulia ni mfuatano safi wowote uliopungua mrusho mmoja, maana M ya mwisho haiwezi kuuharibu. Ukiishia kwa K, basi herufi iliyo kabla yake lazima iwe M, vinginevyo kungekuwa na KK. Kwa hiyo unaishia kwa MK, na kilichotangulia ni mfuatano safi wowote uliopungua mirusho miwili. Hakuna namna ya tatu, na hakuna mfuatano unaohesabiwa mara mbili. Basi idadi ya mifuatano safi ya mirusho kumi ni idadi ya ile ya tisa kujumlisha ile ya nane, na vivyo hivyo kwa urefu wowote.

Hii ndiyo kanuni ya kujirejea: jibu la leo linajengwa kutokana na majibu ya jana na juzi. Kinachobaki ni kujua pa kuanzia. Kwa mrusho mmoja iko mifuatano safi 2, yaani K na M. Kwa miwili iko 3. Kuanzia hapo ni kujumlisha tu: 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144. Wengine watazitambua namba hizi. Zimepewa jina la Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonachi, ingawa wataalamu wa ushairi wa Kisanskriti nchini India walikuwa wamezipata kabla yake walipohesabu njia za kupanga silabi fupi na ndefu katika mstari. Kwa mirusho kumi, mifuatano yote ni 1,024 na iliyo safi ni 144. Iliyobaki, 880, ina vichwa viwili pamoja mahali fulani. Hiyo ni asilimia 86.

Kwa vichwa vitatu mfululizo hoja ni ileile, ila miisho sasa ni mitatu: M, MK au MKK. Kwa hiyo kila namba ni jumla ya tatu zilizoitangulia. Tunaanza na 2, 4 na 7, kisha 13, 24, 44, 81, 149, 274 na 504. Katika mirusho kumi, mifuatano 504 haina vichwa vitatu pamoja, na 520 inavyo. Kwa maneno mengine, ukirusha sarafu mara kumi tu, kupata vichwa vitatu mfululizo kuna nafasi iliyopita nusu kidogo. Nimeona kwamba watu wakiulizwa jambo hili hutaja namba ndogo zaidi.

Kwa vichwa vitano tungejumlisha namba tano kila mara, na kwa mirusho 100 namba hizo zinakuwa ndefu kupindukia. Iko njia fupi zaidi inayofanya kazi na uwezekano moja kwa moja, na ndiyo ninayoipenda. Jiulize: mfululizo wa kwanza wa vichwa vitano unaweza kukamilika hasa kwenye mrusho wa, tuseme, 40, kwa namna gani? Lazima mirusho ya 36 hadi 40 iwe vichwa. Mrusho wa 35 lazima uwe M, kwa sababu kama ungekuwa K, mfululizo ungekuwa umeshakamilika kwenye mrusho wa 39. Na katika mirusho 34 ya mwanzo kusiwe kumetokea mfululizo wowote. Mirusho sita iliyotajwa, yaani M moja na K tano, ina uwezekano wa 1/64. Haihusiani na ile 34 iliyotangulia, kwa hiyo tunazidisha.

Tukiuita uwezekano wa kutokuwa na mfululizo katika mirusho n kwa jina q(n), kanuni yote inaandikwa hivi:

```
q(n) = q(n-1) - q(n-6)/64
```

Maana yake kwa lugha ya kawaida ni kwamba kila mrusho unaoongezwa unapunguza kidogo nafasi ya kubaki safi, na kiasi kinachopungua kinategemea hali ilivyokuwa mirusho sita nyuma. Pa kuanzia ni rahisi. Ukiwa na mirusho sifuri hadi minne, haiwezekani kupata vichwa vitano, kwa hiyo q ni 1. Kwa mirusho mitano, q ni 31/32.

Kazi hii inafanyika kwenye jedwali lolote la kompyuta au la simu. Andika 1 kwenye vyumba A1 hadi A5, kisha `=31/32` kwenye A6. Kwenye A7 andika `=A6-A1/64`, halafu uiburute fomula hiyo hadi chini. Chumba A101 kinashikilia jibu la mirusho 100, kwa sababu tulianza kuhesabu kutoka sifuri. Utakuta takriban 0.190. Ukiitoa katika 1 unapata 0.810. Hilo ndilo jibu: asilimia 81, mbali na 47 na mbali na 95 vilevile.

Makosa mengi hutokea katika sehemu mbili, na zote zinatambulika mapema. Ya kwanza ni kusahau ile M inayotangulia, ukaweka 1/32 na kurudi nyuma hatua tano badala ya 1/64 na hatua sita. Ya pili ni kuanza vibaya, hasa kuipa q(5) thamani ya 1. Dawa ni kuijaribu fomula kwa namba ndogo unazoweza kuziandika zote kwa mkono. Kwa vichwa vitatu katika mirusho minne, kwa mfano, mifuatano inayofaa ni KKKK, KKKM na MKKK, yaani mitatu kati ya 16. Fomula ikikupa kitu tofauti na 3/16, usiendelee mbele.

Sasa turudi kwa karatasi za Varga. Yeye hakujali kama ni vichwa au mienge. Alitaka upande wowote ujirudie mara sita katika mirusho 200. Mtu angeweza kufikiri kwamba tunahitaji kanuni mpya yenye pande mbili, na kuna hila inayotuepusha na kazi hiyo. Usisome matokeo yenyewe, bali linganisha kila tokeo na lililotangulia, na uandike S kama yamefanana na T kama yametofautiana. Mirusho 200 inatoa malinganisho 199. Kwa sarafu isiyoegemea upande, S na T zina nafasi sawa, na kila linganisho liko huru na yaliyotangulia, kwa hiyo ni kana kwamba unarusha sarafu nyingine mara 199. Upande uleule mara sita mfululizo ni S tano mfululizo. Swali la pande mbili limegeuka kuwa swali tulilokwisha kulijibu, na hatuhitaji hata kubadili jedwali. Tunashuka tu hadi A200.

Pale panasomeka takriban 0.035. Basi karatasi ya kweli ina nafasi ya asilimia 96.5 ya kuwa na angalau mfululizo mmoja wa sita. Tungeshikilia vichwa pekee, nafasi ya vichwa sita mfululizo katika mirusho 200 ingekuwa asilimia 80, na kipimo kingekuwa dhaifu zaidi. Ndiyo maana kuangalia pande zote mbili kuna faida kubwa.

Inafaa pia kujua mfululizo mrefu zaidi unakua vipi mirusho ikiongezeka. Unakua polepole mno. Kila unapozidisha mirusho maradufu, mfululizo mrefu zaidi unaotarajiwa unaongezeka kwa mrusho mmoja tu. Kwa mirusho 200, mfululizo mrefu zaidi wa vichwa kwa kawaida huwa karibu na saba, na kwa mirusho 400 karibu na nane. Wahungaria wengine wawili, Paul Erdős na Alfréd Rényi, walichapisha mwaka 1970 kanuni inayoeleza ukuaji huo. Ukifikiria kanuni ya kujirejea utaiona sababu: kuongeza kichwa kimoja kwenye mfululizo unaotakiwa kunapunguza nusu ya kile kinachotolewa katika kila hatua, kwa hiyo unahitaji hatua mara mbili kufika palepale.

Hata hivyo asilimia 96.5 si 100, na hapa mwalimu anapaswa kuwa mwangalifu kwa ajili ya watoto. Katika kila karatasi 100 za kweli, tatu au nne hazitakuwa na mfululizo wa sita. Wanafunzi 40 waaminifu wakikabidhi karatasi zao, tutegemee mmoja, labda wawili, washutumiwe bure. Kukosekana kwa mfululizo kunatilia shaka karatasi bila kuthibitisha kosa. Upande wa pili, mtoto aliyesikia siri hii anaweza kupachika K nane kwenye karatasi ya kubuni akapita. Kipimo kinafanya kazi kwa asiyekijua tu.

Kuna sharti lingine ambalo ni rahisi kulipita. Hila ya S na T inategemea sarafu isiyoegemea upande. Sarafu ikiegemea kichwa, malinganisho hayako huru tena: ukishaona S, inaelekea zaidi kwamba uko upande wa kichwa, na S nyingine inakuwa na nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida. Hapo inabidi kufuatilia pande mbili kila mmoja kwa kanuni yake.

Lakini kwa upande mmoja pekee, sarafu iliyoegemea haitusumbui. Badala ya 1/64 unaweka uwezekano wa kushindwa mara moja kisha kufaulu mara tano. Chukua mpigaji penalti mwenye uwezo wa kufunga asilimia 75, na tuseme kila pigo liko huru na lingine. Kufunga mara tano mfululizo kuna nafasi ya 0.2373, na kukosa moja kisha kufunga tano ni robo ya hiyo, 0.0593. Katika penalti tano za kwanza nafasi ya kuwa na mfululizo ni 0.237. Kila penalti kuanzia ya sita hadi ya kumi inaongeza 0.0593 nzima, kwa kuwa hakuna mfululizo uliowezekana kabla yake, na kwa penalti kumi tunafika 0.534. Kuanzia ya kumi na moja nyongeza zinapungua, maana sehemu ya nafasi imeshatumika. Ukiendelea hadi penalti 20 utafika 0.838.

Mchezaji huyo hakubadilika kwa lolote kati ya pigo la kwanza na la ishirini. Uwezo wake ulibaki asilimia 75 muda wote, na bado ana asilimia 84 ya kupitia kipindi cha penalti tano zilizofuatana wavuni, kipindi ambacho mtangazaji atasema amewaka moto. Anayetaka kuonyesha kwamba mchezaji kweli alibadilika alete mfululizo ambao jedwali hili linauona kuwa adimu, na aueleze pamoja na idadi ya penalti zote alizopiga, zikiwemo alizokosa.